Siku Ngapi Zimebaki? Hesabu ya Mzigo Katika Duka la Jumla la Msangeni

Mzigo wa Msangeni lazima upande mlima. Kata hii iko Ugweno, Upare wa kaskazini, wilaya ya Mwanga, na bidhaa nyingi za madukani huko hutoka bondeni: zinanunuliwa Moshi, zinafuata barabara kuu hadi Mwanga, kisha lori linaanza kona za kwenda juu. Kiangazi, mwenye duka la jumla akipiga simu leo anaweza kupokea mzigo siku ya tatu. Masika ikikolea kati ya Machi na Mei, mzigo uleule unaweza kumchukua wiki nzima na zaidi, kwa sababu ya barabara au kwa sababu lori limekaa chini likisubiri wateja wengine walijaze.

Ndiyo maana dashibodi ya stoo ya duka kama hilo inatakiwa kujibu maswali mawili tu: bidhaa hii itatosha siku ngapi, na ni mali gani imedoda ikiwa imekalia hela. Kuna programu za simu zinazouzwa kwa kazi hiyo, na kuna jedwali la Excel ambalo kijana yeyote aliyesoma kidogo anaweza kulitengeneza kwa siku mbili. Kwa upande wa hesabu, zote zinafanya jambo lilelile: zinachukua idadi iliyopo stoo na kuigawanya kwa kasi ya mauzo ya siku. Ikiwa ipo mifuko 14 ya sukari na inatoka mifuko 2 kwa siku, zimebaki siku 7. Hesabu ni ya darasa la nne. Hata hivyo dashibodi nyingi zinadanganya, na nikichunguza uongo unaanzia wapi, mara nyingi naukuta kwenye hiyo kasi ya mauzo, yaani namba tunayogawanyia. Idadi iliyopo stoo ikikosewa, mtu ataingia stoo ahesabu. Kasi ikikosewa, hakuna rafu ya kwenda kuitazama.

Tuchukue duka la mfano, tulipe namba tufuatilie. Ni Aprili. Katika siku 28 zilizopita duka limeuza mifuko 42 ya sukari ya kilo 50, na sasa stoo ina mifuko 14. Programu inagawanya 42 kwa 28, inapata mfuko mmoja na nusu kwa siku, na inatangaza kwamba sukari itatosha siku 9 na ushei. Masika mzigo unachukua siku 8 kufika. Tisa ni zaidi ya nane, kwa hiyo sukari inapakwa rangi ya kijani, na mwenye duka analala.

Lakini ndani ya siku hizo 28, sukari ilikuwa imekata kwa siku 7. Lori lilikwama, stoo ikawa tupu, wenye maduka ya rejareja wakaja na kuondoka. Programu imezihesabu siku hizo kama siku ambazo watu hawakutaka sukari. Kumbe mifuko 42 iliuzwa kwa siku 21, na 42 kwa 21 ni mifuko 2 kwa siku. Mifuko 14 iliyobaki ni ya siku 7. Saba ni pungufu ya nane, na simu ya kuagiza ilitakiwa kupigwa jana.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba linajizidisha lenyewe. Bidhaa ikikata, kasi yake inashuka kwenye karatasi. Kasi ikishuka, mwenye duka anaagiza kidogo. Akiagiza kidogo, bidhaa inakata tena mapema zaidi. Ukiiacha izunguke hivyo mara tatu, sukari, ambayo ndiyo bidhaa inayotoka kuliko zote, inaweza kujitokeza kwenye orodha ya mali iliyododa. Mwanzoni mwa 2024 hili lingeweza kutokea duka lolote nchini. Mvua za El Niño zilivuruga uvunaji wa miwa na uzalishaji viwandani, sukari ikaadimika, bei ikaruka, mpaka Bodi ya Sukari ikatangaza bei elekezi. Duka lililokosa sukari wiki tatu wakati huo lilikuwa na jedwali linaloonyesha kwamba sukari haiuziki, katika msimu ambao watu walikuwa wakiitafuta mpaka wilaya ya jirani.

Dawa ya kosa hili inajulikana, na wala si ngeni vijijini. Kwenye mfumo wa kuagiza dawa wa serikali, zahanati inapopeleka maombi yake Bohari ya Dawa hujaza pia idadi ya siku ambazo dawa fulani haikuwepo, na matumizi hurekebishwa kwa siku hizo kabla ya kukadiria mahitaji. Muuguzi wa zahanati ya mlimani anaijua hesabu ambayo jirani yake mwenye duka la jumla hajawahi kuambiwa.

Katika jedwali la dukani inatosha kuwa na kurasa tatu. Ya kwanza, `MWENENDO`, inaandika kila kinachoingia na kutoka: tarehe, jina la bidhaa, idadi (kinachotoka kinaandikwa na alama ya kutoa), na aina. `PO` ni mzigo uliopokelewa, `UZ` ni mauzo, `OM` ni oda maalumu, `HA` ni kilichoharibika. Ya pili, `TUPU`, ni fupi kuliko zote na ndiyo yenye thamani: kila jioni kabla ya kufunga, mtunza stoo anaandika tarehe na jina la kila bidhaa ambayo haikuwepo siku hiyo. Ya tatu ni dashibodi yenyewe, na mstari wake wa sukari unabeba fomula hizi kuanzia safu ya B hadi E:

```
=SUMIFS(MWENENDO!C:C, MWENENDO!B:B, A2)
=-SUMIFS(MWENENDO!C:C, MWENENDO!B:B, A2, MWENENDO!D:D, "UZ", MWENENDO!A:A, ">="&TODAY()-28, MWENENDO!A:A, "<"&TODAY())
=28-COUNTIFS(TUPU!B:B, A2, TUPU!A:A, ">="&TODAY()-28, TUPU!A:A, "<"&TODAY())
=IF(OR(C2<=0, D2<7), "angalia", B2/(C2/D2))
```

Ya kwanza ni kilichopo. Ya pili ni kilichouzwa siku 28 zilizopita, bila kuhesabu leo kwa kuwa leo haijaisha. Ya tatu ni siku ambazo bidhaa ilikuwepo kweli. Ya nne ni siku zilizobaki, na kama bidhaa ilikuwepo chini ya siku 7 au haijauzwa kabisa, jedwali linakataa kutoa namba na kumwambia mtu aangalie kwa macho. Kukataa huko ni bora kuliko namba ya kubuni yenye desimali mbili.

Kwa nini 28 na si 30? Kwa sababu ya gulio. Biashara ya jumla vijijini hupanda na kushuka kwa juma: siku ya gulio wenye magenge na maduka madogo wanachukua mzigo wa siku kadhaa, na siku inayofuata duka linapooza. Siku 28 zina majuma manne kamili, kwa hiyo zina magulio yaleyale kila ukizihesabu. Siku 30 mara zina manne, mara zina matano, na kasi inapanda na kushuka bila mteja hata mmoja kuongezeka au kupungua.

Hata marekebisho haya nayo yana kasoro yake. Sukari ikirudi baada ya kukosekana juma zima, siku mbili za kwanza hutoka nyingi kuliko kawaida, maana kila mwenye duka dogo anajaza pengo lake. Tuseme siku hizo mbili ziliuza mifuko 8. Ukiziondoa, inabaki mifuko 34 kwa siku 19, mfuko mmoja na robo tatu na ushei kwa siku, na mifuko 14 inakuwa ya siku 8 kasoro kidogo. Kwa hiyo ukweli uko kati ya 7 na 8, na kwa kuwa mzigo unachukua siku 8, uamuzi ni uleule: agiza. Huo ndio usahihi unaotakiwa hapa. Mwenye duka hahitaji kujua kama ni 7.0 au 7.9, anahitaji kujua kama namba iko juu au chini ya siku za safari.

Oda kubwa ya ghafla inapotosha kwa upande wa pili. Shule ya bweni ikichukua mifuko 12 ya mchele kwa mkupuo, au harusi ikibeba katoni 30 za soda, kasi inaruka kwa mwezi mzima na dashibodi inaanza kupiga kelele kwamba mchele unakwisha. Ndiyo kazi ya `OM`. Mzigo umetoka, kwa hiyo kwenye kilichopo unapungua, lakini fomula ya pili inasoma `UZ` peke yake na kuuruka. Shule ikianza kuchukua kila mwezi, hapo si oda maalumu tena, na mtu aibadilishe.

Sasa zile siku za safari. Namba ya siku zilizobaki ikikaa peke yake haina maana: siku 9 za chumvi na siku 9 za sukari si kitu kimoja kama chumvi inapatikana Mwanga kesho na sukari inasubiri lori la Moshi. Kila bidhaa iwe na namba yake ya safari, na namba hiyo itoke kwenye daftari la kuagiza: tarehe ya simu, tarehe ya kushusha. Hapa wastani haufai. Kama safari tano za mwisho zilichukua siku 3, 3, 4, 3 na 8, wastani ni 4 na kidogo, na anayeuamini wastani huo atakatikiwa na mzigo safari ile ya tano. Masika itumike 8. Kiangazi anaweza kurudi kwenye 4. Bidhaa ambayo siku zake ziko chini ya safari iwe nyekundu. Na ya njano? Kama duka linaagiza lori kila baada ya siku 10, ya njano ni ile ambayo siku zake ziko chini ya safari jumlisha 10, kwa sababu isipopanda lori hili haitafika hai kwenye lori lijalo.

Njano hii ina faida ambayo programu za kununua nyingi hazina habari nayo, maana zimetengenezwa kwa maduka ya mjini ambako msambazaji anapita na gari lake. Kwa duka la mlimani gharama kubwa ni lori. Sukari ikiwa nyekundu, mwenye duka hataita lori lipande na mifuko 30 ya sukari na nafasi tupu. Anachohitaji siku hiyo ni orodha ya njano iliyopangwa kuanzia siku chache kwenda nyingi, ajaze nafasi iliyobaki kutoka juu kwenda chini mpaka lori litosheke.

Upande wa mali iliyododa, watu wengi hutazama tarehe ya mwisho ya kuuza. Fomula yake ni rahisi:

```
=MAXIFS(MWENENDO!A:A, MWENENDO!B:B, A2, MWENENDO!D:D, "UZ")
```

Inanasa mali iliyokufa kabisa. Vioo vya chemli na tambi zake ni mfano mzuri: umeme na taa za sola vilipofika, bidhaa iliyokuwa ikitoka kila juma ikawa inakaa mwaka. Lakini tarehe hiyo haioni mali inayokufa polepole, ile iliyouzwa jana katoni moja huku zikiwa zimebaki za miezi sita. Hiyo inaonekana kwa siku zilizobaki, zilezile tulizokwisha kuzihesabu, zikilinganishwa safari hii na tarehe ya kuisha muda.

Mfano wa juisi unatosha. Desemba Wapare wengi wanaoishi Dar es Salaam na kwingineko hupanda kwao, na duka lililoleta katoni 80 za juisi halikukosea kuleta nyingi. Linauza 48, wageni wanashuka, zinabaki 32. Ndani ya siku 28 za Januari na Februari zinatoka katoni 4, yaani moja kwa juma. Katoni 28 zilizobaki kwa kasi hiyo ni siku 196. Kwenye katoni imeandikwa kwamba muda unaisha baada ya siku 120. Mwenye duka la jumla hata hizo 120 hana zote, kwa kuwa mwenye duka dogo hapokei katoni iliyobakiza juma moja. Anataka angalau mwezi wa kuiuza. Zinabaki siku 90, takriban majuma 13. Zitatoka katoni 13, na 15 zitabaki mkononi. Kama ilinunuliwa Sh 9,000 katoni, hasara ni Sh 135,000.

Hasara hiyo inaonekana Februari, na faida ya kuiona Februari ni kwamba bado kuna bei ya kucheza nayo. Akipunguza Sh 1,500 kila katoni na kasi ikafika mbili na kidogo kwa juma, zote 28 zitatoka na atakuwa amepoteza Sh 42,000. Na kama punguzo halikuvuta watu sana, ikawa katoni moja na nusu tu kwa juma? Zitatoka 19, kwa punguzo la Sh 28,500, na zitabaki 9 zenye thamani ya Sh 81,000. Jumla Sh 109,500, bado nafuu. Akisubiri Mei ndipo apunguze, hatakuwa na majuma ya kutosha hata bei ikiwa nusu.

Kwa hiyo orodha ya mali iliyododa ipangwe kwa hela zilizolala: idadi iliyozidi mara bei ya kununulia. Ikipangwa kwa siku, juu kabisa zitakaa tambi za chemli zenye thamani ya elfu tatu, na juisi ya laki moja na ushei itakuwa mstari wa ishirini ambako hakuna anayefika.

Orodha hiyo isomwe na mtu anayeijua kata. Sanda inaweza kukaa miezi miwili bila kuguswa, lakini siku ya msiba mtu akiikosa atakumbuka alikoikosa. Bidhaa za namna hiyo ziwekewe alama ya lazima na zitolewe kwenye hukumu. Daftari za shule zinadoda Novemba na kuisha Januari. Unga na sukari hupanda Ramadhani, na hapa anayelinganisha na tarehe ileile ya mwaka jana anajikwaa: Ramadhani ya 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, ya 2026 ilianza Februari, na kila mwaka inarudi nyuma kwa siku kama kumi na moja. Ilinganishwe Ramadhani na Ramadhani, si Machi na Machi.

Kuna namna mbili za haraka za kujua kwamba jedwali limeanza kupotoka. Ya kwanza ni bidhaa kuonyesha idadi chini ya sifuri. Karibu kila mara chanzo ni vipimo: mzigo uliingizwa kama katoni 10, mauzo yakaandikwa kwa pisi 24. Duka la jumla linauza pia nusu katoni na dazeni, kwa hiyo kitabu kizima kiandikwe kwa kipimo kidogo kuliko vyote kinachouzwa, na katoni zionyeshwe kwenye dashibodi tu. Ya pili ni kinyume chake, jedwali kuonyesha mali nyingi kuliko iliyopo rafuni. Hapo angalia kwanza daftari la madeni. Wapo wauzaji wanaoandika mauzo siku mteja anapolipa, si siku anapobeba, na mifuko mitano iliyokopeshwa juma lililopita bado inahesabiwa kuwa stoo. Mashine ya EFD haitasaidia kulibaini hili. Ripoti yake ya Z inatoa jumla ya fedha za siku, na pale ambapo kila kitu kinapigwa kwa jina moja la jumla, haijui kama zilitoka sukari au sabuni.

Kuhesabu stoo nzima kila mwezi ni kazi ya Jumapili nzima na mara nyingi haifanyiki. Kuhesabu bidhaa tano kila jioni, zile zenye rangi nyekundu na zinazobeba hela nyingi, kunachukua robo saa, na tofauti ikitokea bado watu wanakumbuka siku hiyo nani alibeba nini. Mtunza stoo huyohuyo, kalamu ikiwa bado mkononi, anamalizia ukurasa wa `TUPU`. Ukiona ukurasa huo haujaandikwa juma zima katikati ya masika, usidhani hakuna kilichokata, uliza.

Bidhaa mpya ndiyo inayobaki nje ya hesabu hii yote. Aina ya sabuni iliyoingia dukani siku 10 zilizopita haina siku 28 za kugawanyia, na fomula ya tatu itaipa 28 kana kwamba ilikuwepo. Kasi yake itaonekana kama theluthi moja tu ya ile ya kweli. Aliyeiingiza aijazie kwenye `TUPU` siku 18 za kabla haijafika, jambo linalochukua dakika mbili, kisha aiache ijihesabu.